Azimio lenyewe, dondoo ya kikao au cheti cha katibu: karatasi ipi ya kupeleka benki kampuni mpya ikifungua akaunti

Kampuni ikishasajiliwa na cheti cha usajili kikapakuliwa kutoka eCitizen, benki itakayofungua akaunti hubaki na swali ambalo cheti hicho hakilijibu. CR12 inawataja wakurugenzi na wenye hisa, katiba ya kampuni inaeleza namna maamuzi yanavyofikiwa, na PIN ya KRA inaonyesha kwamba kampuni inajulikana kwa mtoza ushuru. Lakini hakuna hata moja kati ya hati hizo inayosema kwamba wakurugenzi wameamua kufungua akaunti katika benki hii, wala ni nani kati yao aliyeruhusiwa kutoa fedha. Tangu sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ya mwaka 2009, benki hailichukulii swali hilo kama adabu tu ya kuulizana: inapaswa kumjua anayetenda kwa niaba ya kampuni na kuona uthibitisho wa mamlaka yake.

Uthibitisho huo huletwa kwa sura tatu. Ya kwanza ni azimio la bodi lenyewe, limeandikwa na kutiwa saini na wakurugenzi. Ya pili ni dondoo ya kumbukumbu za kikao, yaani sehemu inayohusu akaunti peke yake, ikithibitishwa na mwenyekiti pamoja na mtu mwingine. Ya tatu ni cheti cha katibu wa kampuni, ambacho ndani yake azimio hunukuliwa na katibu akalishuhudia kwa saini yake. Watu wengi Nairobi huzichukua tatu hizi kuwa kitu kimoja chenye vichwa tofauti, na karani wa benki naye asipokuwa makini huzipokea hivyo. Mimi nimezitayarisha zote kwa miaka kadhaa, na kwa maoni yangu tofauti yao inatokana na jambo moja tu, nalo ni nani anayesema. Katika azimio, walioamua ndio wanaosema. Katika dondoo, kinachosema ni kitabu cha kumbukumbu. Katika cheti, anayesema ni ofisa ambaye si lazima awe amepiga kura, lakini ndiye mtunzaji wa kitabu hicho, na anasema si yale yaliyoamuliwa siku ile pekee bali pia kwamba mpaka leo hayajabadilishwa.

Kabla ya kuchagua, swali la kwanza ni kama kampuni ina katibu. Chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015, kampuni binafsi inalazimika kuwa na katibu pale tu mtaji wake uliolipwa unapofika shilingi milioni 5. Kinachohesabiwa hapo ni mtaji uliolipwa, si ule ulioandikwa kwenye fomu ya usajili kama kiwango cha juu cha hisa zinazoweza kutolewa. Kampuni nyingi zinazosajiliwa na vijana wawili wenye duka au ofisi ndogo mjini zina hisa za shilingi laki moja, na kwa hiyo hazina katibu wala hazidaiwi kuwa naye. Kampuni ya namna hiyo ikiambiwa na benki ilete cheti cha katibu, lisilofaa kabisa ni kumtafuta rafiki ajiite katibu kwa siku moja. Katibu wa kampuni Kenya ni mtu aliyesajiliwa kitaaluma na mwenye cheti halali cha kufanya kazi hiyo, na benki inaweza kudai namba yake. Jibu sahihi ni kupeleka azimio lililotiwa saini na wakurugenzi wote, likiambatana na barua fupi inayoeleza kwamba kampuni haina katibu na kwamba mtaji wake haujafika kiwango kinachomlazimu. Sijaona benki iliyokataa mpangilio huo baada ya kuelezwa vizuri, ingawa nimeona karani akimrudisha mtu mara mbili kwa sababu orodha yake ya hati ilikuwa na neno “katibu” na mwenye kampuni hakueleza chochote.

Mkurugenzi akiwa mmoja, jambo ni jepesi zaidi. Sheria inairuhusu kampuni binafsi kuwa na mkurugenzi mmoja, na uamuzi wake ulioandikwa na kutiwa saini unatosha, isipokuwa katiba ya kampuni iwe inadai idadi kubwa zaidi. Ninachoomba ni kwamba karatasi isiseme uongo. Nimewahi kuletewa hati ya mkurugenzi mmoja iliyoeleza kwamba “baada ya majadiliano marefu wajumbe wote walikubaliana kwa kauli moja”. Maneno hayo yalinakiliwa kutoka kielelezo cha mtandaoni, na mtu makini akiyasoma ataanza kuwaza ni nini kingine kilichonakiliwa bila kusomwa.

Uchaguzi wenyewe huwa mgumu pale kampuni ina katibu, ina wakurugenzi watatu au zaidi, na wakurugenzi hao hawakai mji mmoja. Azimio lenye saini zote ni zito kuliko karatasi nyingine yoyote, kwa kuwa hakuna mkurugenzi atakayeweza baadaye kusema hakujua. Lakini kulizungusha ili kila mmoja atie saini ya wino kunaweza kuchukua juma zima. Dondoo ni ya haraka na inaficha yale ambayo benki haina haja ya kuyasoma, kama mishahara ya wakurugenzi au mvutano juu ya mgao wa hisa, mambo ambayo kumbukumbu kamili ingeyaweka wazi mbele ya karani. Upungufu wake ni kwamba inathibitisha hali ya siku ya kikao tu. Kikao kikiwa cha mwezi wa tatu na akaunti ikafunguliwa mwezi wa sita, dondoo haisemi lolote kuhusu kilichotokea katikati. Cheti cha katibu ndicho kinachoziba pengo hilo, na ndiyo sababu mimi hukipendelea kwa kampuni ya aina hii.

Mfano utalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Kampuni moja ya kuagiza vipuri vya malori, yenye duka Barabara ya Kirinyaga, ilisajiliwa tarehe 3 Machi ikiwa na mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 6. Wakurugenzi walikuwa watatu: mama aliyetoa sehemu kubwa ya fedha, mdogo wake wa kiume anayesimamia duka, na mshirika wao anayeshughulikia mizigo bandarini Mombasa. Walitaka akaunti mbili, moja ya shilingi na nyingine ya dola kwa ajili ya kuwalipa wauzaji wa nje. Kwa kuwa mtaji ulivuka milioni 5, walikuwa wamemteua katibu, na katibu huyo akawaandalia cheti. Cheti kilisema kwamba bodi ilikutana tarehe 28 Februari ikaamua “kufungua akaunti” na kwamba “wakurugenzi wowote wawili” watatia saini.

Ofisa wa benki alikisoma, akakigeuza, akakirudisha juu ya meza. “Mama, kampuni yenu ilizaliwa tarehe tatu,” alimwambia yule mwenyekiti kwa upole. “Hii bodi iliyokaa mwishoni mwa mwezi uliopita ilikuwa bodi ya kampuni gani?”

Swali hilo lilikuwa la haki. Watatu hao walikuwa wamekutana kweli siku hiyo, nyumbani, na walikubaliana kweli. Lakini walikutana kama watu watatu wanaokusudia kuanzisha kampuni, kwani kampuni yenyewe haikuwapo. Bodi haiwezi kuamua kabla ya tarehe iliyo kwenye cheti cha usajili. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote katika kampuni mpya, na watu hujaribu kulitibu kwa kufuta tarehe na kuandika nyingine. Tiba hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa, maana cheti chenye tarehe ya kikao ambacho hakikufanyika ni ushuhuda wa uongo wa ofisa wa kampuni. Wakurugenzi waliitisha kikao kipya tarehe 10 Machi, yule wa Mombasa akahudhuria kwa simu ya video kwa kuwa katiba yao inaruhusu, kumbukumbu zikaandikwa, na cheti kipya kikatolewa tarehe 12. Kazi nzima ilikuwa ya dakika ishirini, na kila tarehe ikawa ya kweli.

Kasoro ya pili haikuonwa na benki, na kwa mtazamo wangu ndiyo iliyokuwa hatari zaidi. Nilimwuliza mama kama maneno “wakurugenzi wowote wawili” ndiyo aliyoyakusudia. Akasema hapana: alitaka saini yake iwepo kila mara, pamoja na ya mmoja wa wale wengine. Lakini kwa maneno yale, mdogo wake na mshirika wa Mombasa wangeweza kutoa fedha yote bila yeye kuguswa, na benki ingekuwa imefuata maagizo sawasawa. Cheti kipya kiliandikwa kwamba malipo yoyote yanahitaji saini ya mwenyekiti pamoja na mmoja kati ya wakurugenzi wawili waliobaki, isipokuwa malipo yasiyozidi shilingi laki mbili kutoka akaunti ya shilingi, ambayo mdogo wake angeweza kuyatia saini peke yake ili duka lisikwame kila mama anaposafiri. Akaunti ya dola haikupewa nafuu hiyo. Huduma ya benki kwa mtandao nayo iliandikwa wazi: mhasibu ataingiza malipo lakini hataweza kuyaidhinisha, na uidhinishaji utafuata mpangilio uleule wa saini.

Mpangilio huo lazima ufanane, neno kwa neno, na fomu ya watia saini ambayo benki yenyewe huwapa wateja wajaze. Fomu hizo huwa na visanduku: mmoja yeyote, wawili kwa pamoja, wote. Mpangilio wa “mwenyekiti pamoja na mmoja wa wengine” hauna kisanduku mara nyingi, na mtu mwenye haraka hutia alama kwenye “wawili kwa pamoja” akidhani amekaribia vya kutosha. Hapo panakuwa na karatasi mbili zinazopingana ndani ya faili moja, na mfumo wa kompyuta wa benki utafuata kile kilichoingizwa kutoka kwenye fomu. Dawa ni kuandika maelezo kwa mkono kwenye nafasi ya maagizo maalumu na kutia saini pembeni, kisha kuomba kuonyeshwa jinsi maagizo yalivyoingizwa kabla akaunti haijaanza kutumika.

Maneno ya cheti chenyewe hayahitaji kuwa mengi. Kwa kawaida hati hizi huandikwa kwa Kiingereza kwa sababu fomu za benki ziko hivyo, ingawa Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya nchi tangu Katiba ya 2010. Lakini yeyote atakayetia saini anapaswa kujua kila kifungu kinasema nini kwa lugha anayoifikiria. Kiini cha cheti cha kampuni ile, kikitolewa mapambo, kilikuwa hiki:

> Mimi, katibu wa kampuni iliyotajwa hapo juu, nathibitisha kwamba katika kikao cha Bodi ya Wakurugenzi kilichoitishwa ipasavyo na kufanyika tarehe 10 Machi, akidi ikiwa imetimia muda wote wa kikao, azimio lifuatalo lilipitishwa. Kwamba limenakiliwa hapa kama lilivyo katika kitabu cha kumbukumbu za kampuni. Kwamba haliendi kinyume na katiba ya kampuni. Na kwamba hadi tarehe ya cheti hiki halijabadilishwa wala kufutwa. Nathibitisha pia kwamba watu wafuatao ndio walioruhusiwa kutia saini, na kwamba saini zilizo mbele ya majina yao ni zao.

Kila kifungu hapo kina kazi yake. “Kilichoitishwa ipasavyo” maana yake kila mkurugenzi alipewa taarifa ya kikao, hata asiyehudhuria. Mkurugenzi aliyefichwa kikao ndiye huja benki baadaye na barua ya wakili akitaka akaunti isimamishwe. “Akidi” inasomwa kutoka katika katiba ya kampuni na si kutoka kichwani, na katibu anapaswa kuifungua katiba hiyo kabla ya kuandika sentensi hii. “Halijabadilishwa wala kufutwa” ndicho kifungu ambacho dondoo haina, na ndicho kinachofanya tarehe ya cheti iwe na maana tofauti na tarehe ya kikao. Kwa hiyo cheti kinapaswa kuwa na tarehe mbili zilizo wazi, na ile ya pili iwe karibu na siku ya kwenda benki.

Kuhusu kifungu cha mwisho, chenye saini za mfano, katibu asikiandike isipokuwa amewaona watu hao wakitia saini au anazifahamu saini zao bila shaka. Na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa au pasipoti. Yule mdogo wake mama alikuwa na majina matatu kwenye kitambulisho na mawili kwenye CR12, jambo la kawaida kabisa kwetu, na lilitatuliwa kwa kuandika majina yote matatu pamoja na namba ya kitambulisho, ambayo ilikuwa ileile kwenye rekodi za msajili. Jina likitofautiana kwa herufi, kama Mohamed na Mohammed, ni heri kurekebisha rekodi ya msajili kwanza kuliko kubishana kaunta.

Ipo hali moja ambayo cheti cha katibu hakifai hata kampuni ikiwa na katibu mwenye sifa zote: pale katibu mwenyewe ni mmoja wa watia saini, au ni mkurugenzi pia. Mtu anayejithibitishia mamlaka yake mwenyewe hajathibitisha kitu. Cheti cha namna hiyo kinahitaji saini ya pili ya mkurugenzi asiyehusika, na kama hakuna asiyehusika, ni bora kurudi kwenye azimio lenye saini za wote. Benki nzuri hudai hivyo bila kuombwa. Kama benki yako haikudai, dai wewe, kwa sababu anayelindwa na saini hiyo ya pili ni kampuni.

Wasiwasi wa wateja wengi ni kama inatosha katibu peke yake kuiambia benki jambo zito kama hili. Zamani asingeweza; mahakama za Uingereza zilimhesabu katibu kuwa karani tu. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya huko, katika kesi ya Panorama dhidi ya Fidelis, iliubadilisha mtazamo huo. Katibu wa kampuni ya Fidelis alikuwa amekodi magari kwa jina la kampuni akayatumia kwa mambo yake, na kampuni ikaamriwa kulipa kwa sababu mtu wa nje alikuwa na haki ya kuamini kwamba katibu ana mamlaka katika shughuli za utawala. Hukumu hiyo ina pande mbili kwa anayechagua karatasi ya kupeleka benki. Upande mmoja, inaeleza kwa nini cheti cha katibu kinakubalika. Upande wa pili, inaonya kwamba benki iliyokiamini kwa nia njema itakuwa na hoja kubwa dhidi ya kampuni hata kama kikao hakikufanyika, na wakurugenzi wasiokagua nakala ya cheti kilichotoka kwa jina lao watabaki kumdai katibu wao huku fedha imekwisha kwenda. Hapo azimio lenye saini za wote lina usalama ambao cheti hakina, na kwa kampuni ambayo wakurugenzi wake hawajajuana vya kutosha ningelichagua hilo, hata likichukua juma zima kuzunguka.

Kuna karatasi ya nne ambayo huingizwa kwenye mchanganyiko huu bila kustahili, nayo ni nakala iliyopigwa mhuri na wakili. Wakili akiandika kwamba nakala ni sahihi kulingana na hati asilia, anachosema ni kwamba ameziona karatasi mbili na zinafanana. Hasemi kwamba kikao kilifanyika, wala kwamba akidi ilitimia, wala kwamba azimio bado lina nguvu. Benki ikitaka cheti cha katibu, mhuri wa wakili juu ya nakala ya azimio haujibu ombi hilo. Vilevile, vielelezo vingi vinavyopatikana mtandaoni vimetoka Ufilipino, ambako katibu hula kiapo mbele ya notari, na vina aya nzima ya kiapo chini yake. Kwa akaunti ya kawaida hapa Nairobi aya hiyo haihitajiki isipokuwa benki iidai, na ikiachwa wazi bila kujazwa hati inaonekana haijakamilika. Iondoe.

Jambo la mwisho la kuangalia ni kile kilichoingizwa ndani ya azimio bila kuombwa. Baadhi ya benki hutoa azimio lao lililokwisha kuchapwa, na ndani yake, kati ya kufungua akaunti na kuwataja watia saini, huwa na sentensi inayowapa watia saini hao mamlaka ya kukopa na kuweka mali ya kampuni rehani. Kampuni ya vipuri ilikataa sentensi hiyo: tuliikata kwa mstari, wakurugenzi wakatia saini pembeni, na azimio likabaki la akaunti mbili tu, mkopo ukiachwa usubiri azimio lake siku utakapohitajika. Ofisa alisita, akampigia mkuu wake, kisha akapokea. Nakala moja ya cheti ilibaki benki, nyingine ikawekwa kwenye kitabu cha kumbukumbu mbele ya ukurasa wa kikao cha tarehe 10, na ya tatu mama aliikunja akaitia mkobani.